Transista Mbili Zilizobebana: Maswali Kuhusu Jozi ya Darlington

Anayetengeneza kengele ya tangi la maji, swichi ya kuguswa kwa kidole au kifaa cha kuwasha taa giza linapoingia, mara nyingi hukuta kwenye mchoro transista mbili zimeunganishwa kwa namna ya ajabu kidogo: emita ya ya kwanza imeingia kwenye beisi ya ya pili, na kolekta zote mbili zimefungwa pamoja. Hiyo ndiyo jozi ya Darlington. Maswali yanayofuata ni yale yanayorudi kila mara kwa wanafunzi wa umeme na mafundi wa mtaani. Tutayajibu kwa kutumia kifaa kimoja, yaani kengele ya tangi la maji, kwa sababu ndani yake mna uzuri wa jozi hii na matatizo yake pia.

Transista moja ina tatizo gani hata tutafute mbili?

Tuchukue kengele yenyewe. Nyaya mbili zisizo na ganda zimening'inia ndani ya tangi. Maji yakizifikia, mkondo mdogo unapita kati yake. Mkondo huo tunataka uvute rilei ya volti 12, na rilei ndiyo iwashe king'ora au izime pampu.

Rilei ndogo za buluu zinazouzwa kila duka la vifaa vya elektroniki, zile za volti 12, zina koili ya omu 400 hivi. Koili hiyo ikipewa volti 12 kamili inakula miliampea 30. Maji ya bomba au ya mvua kati ya nyaya mbili yanaweza kuwa na ukinzani wa makumi hadi mamia ya kilo-omu, kutegemea chumvi iliyomo, umbali wa nyaya na urefu uliozama. Tuseme njia nzima, pamoja na rezista ya kinga tutakayoitaja baadaye, ina kilo-omu 200. Kutoka volti 12 tunapata mikroampea 57 tu za kuingia kwenye beisi.

BC547 ni transista ya kawaida sana, na ukuzaji wake wa mkondo, ambao mafundi huuita beta, tuuhesabu kuwa 200. Zidisha mikroampea 57 kwa 200: unapata miliampea 11 na ushei. Zikipita kwenye koili ya omu 400, koili inapata volti 4.5 tu. Mtengenezaji wa rilei anaahidi kuwa itavuta ikipata asilimia 75 ya volti zake, yaani volti 9. Kwa hiyo rilei haitoi hata mlio. Maji yamefika, transista inafanya kazi yake yote, na king'ora kimenyamaza.

Ya pili inabadilisha nini?

Mkondo unaotoka kwenye emita ya transista ya kwanza haupotei ardhini. Unaingia wote kwenye beisi ya transista ya pili, nayo inaukuza tena. Kwa hiyo beta mbili hazijumlishwi, zinazidishwa. Mia mbili mara mia mbili ni 40,000. Kwa ukamilifu kuna nyongeza ndogo: kolekta ya kwanza nayo inachangia mkondo wake, na mkondo wa beisi nao unapita hadi emita, hivyo jumla ni zao la beta mbili, ukiongeza beta ya kwanza, ukiongeza beta ya pili. Hapa inakuwa 40,400. Tofauti hiyo haimsumbui fundi yeyote, maana BC547 mbili kutoka mfuko mmoja zinaweza kupishana beta kwa zaidi ya hiyo.

Sasa rudi kwenye tangi. Beisi ya kwanza inahitaji volti 1.3 hivi badala ya 0.65, kwa kuwa kuna viungo viwili vya beisi na emita vilivyopangana, hivyo mkondo wa maji unashuka kidogo hadi mikroampea 53. Haidhuru. Ili kupitisha miliampea 28 kwenye koili, jozi inahitaji chini ya mikroampea 1 kwenye beisi. Tunayo mara hamsini na zaidi ya hiyo. Rilei inavuta kwa nguvu, na ingeendelea kuvuta hata maji yakiwa safi kiasi cha kupitisha mkondo mara kumi pungufu.

Angalia lakini kwamba mikroampea 53 mara 40,000 zingekuwa ampea 2, na ampea hizo hazitatokea. Koili ya omu 400 kwenye volti 12 haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 30, hata transista ifunguke vipi. Beta inaeleza kiasi ambacho transista iko tayari kupitisha. Kiasi kinachopita kweli kinaamuliwa na mzigo na betri. Anayelisahau hili huogopa bure kwamba BC547, isiyopaswa kuzidi miliampea 100, itaungua.

Jina hilo limetoka wapi?

Kwa Sidney Darlington, mhandisi wa Maabara za Bell nchini Marekani, aliyezaliwa 1906 na kufariki 1997. Alipeleka ombi la hataza mwaka 1952, akapewa mwishoni mwa 1953, hataza ya Marekani namba 2,663,806. Wazo lake lilikuwa kuweka transista mbili au tatu kwenye kipande kimoja cha nusukipitishi na kuzitumia kama kifaa kimoja chenye miguu mitatu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kununua jozi nzima ndani ya ganda moja, kama TIP120, na usiyejua ukadhani ni transista moja ya kawaida.

Ukinzani wa mlangoni ni kitu gani, na unanisaidia nini?

Hili ndilo jambo ambalo watu hulipitia haraka, na ndilo linaloeleza kwa nini jozi hii hupendwa na wanaoshughulika na vihisio. Chanzo chochote dhaifu, iwe maji ya tangi, kihisio cha mwanga au kidole cha mtu, kinaona saketi iliyo mbele yake kama mzigo. Mzigo ukiwa mzito, volti ya chanzo inaporomoka na taarifa inapotea.

Tuache rilei kwa dakika chache. Chukua potenshiomita ya kilo-omu 100 kwenye volti 12, uisimamishe katikati. Mguu wake wa kati unaonyesha volti 6, lakini ukiutazama kama chanzo, una ukinzani wa ndani wa kilo-omu 25, kwa sababu nusu mbili za kilo-omu 50 zinafanya kazi sambamba. Ukifunga mzigo wa omu 100 moja kwa moja kwenye mguu huo, volti 6 zinakufa hapo hapo. Zinabaki sehemu chache za mia za volti moja.

Weka transista moja katikati, mzigo ukae kwenye emita. Transista inaufanya mzigo uonekane mwepesi mara beta. Tukichukua beta 100 kwa hesabu rahisi, omu 100 zinaonekana kama kilo-omu 10. Ni nafuu, lakini kilo-omu 10 mbele ya chanzo cha kilo-omu 25 bado ni mzigo mkubwa: mzigo unaishia na volti 1.5 hivi. Weka jozi ya Darlington. Sasa omu 100 zinaonekana kama omu milioni moja. Chanzo hakijui hata kama kimeguswa. Volti 6 zinashuka hadi karibu 5.9 kwenye beisi, ukitoa 1.3 za viungo viwili, mzigo unapata volti 4.6.

Mtu atauliza, mbona hazikufika 6? Zile 1.3 haziepukiki, ndizo nauli ya kupita viungo viwili, na zinashuka kadiri transista zinavyopata joto, milivolti 4 hivi kwa kila digrii moja kwa jozi nzima. Kwa hiyo jozi hii haifai kama kipimo sahihi cha volti. Inafaa pale unapotaka chanzo dhaifu kisukume mzigo, bila kujali sana kama ni volti 4.6 au 4.7. Na tahadhari nyingine: transista inayoshikilia zile volti 7.4 zilizobaki wakati miliampea 46 zinapita inatoa joto la theluthi moja ya wati, hivyo ya pili iwe BD139 au mfano wake, si BC547.

Tukiirudia kengele, emita ya jozi imeenda ardhini moja kwa moja, hakuna mzigo hapo wa kuzidishwa. Ukinzani wa mlangoni unakuwa mdogo zaidi na unategemea mkondo unaopita, lakini faida ni ile ile: maji yanaombwa mikroampea 1, si mikroampea 140.

Nimenunua TIP120 yenye beta zaidi ya 1,000, mbona kengele yangu haifanyi kazi?

Swali hili huulizwa kwa manung'uniko, na jibu lake liko ndani ya ganda. Watengenezaji wa TIP120 wameweka humo rezista mbili. Moja, ya kilo-omu 8 hivi, imekaa kati ya beisi na emita ya transista ya kwanza. Ya pili, ya omu 120 hivi, imekaa kati ya beisi na emita ya transista ya pili.

Hesabu utaona. Transista ya kwanza haifunguki mpaka beisi yake ipate karibu volti 0.6 juu ya emita yake. Lakini rezista ya kilo-omu 8 iko hapo hapo, na kuifikisha volti 0.6 unahitaji kupitisha ndani yake mikroampea 75. Maji yetu yanatoa hamsini na kitu. Mkondo wote unapita kwenye rezista, transista ya kwanza haiamki. Hata ingeamka, ingepaswa kwanza kutoa miliampea 5 kwa ile rezista ya omu 120 kabla ya transista ya pili kusikia chochote.

TIP120 si mbovu. Imetengenezwa kwa kazi nyingine: kupokea miliampea chache kutoka kwenye saketi ya kudhibiti na kusukuma mota au taa ya ampea kadhaa. Ile beta ya 1,000 inayoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji imepimwa kwenye mikondo ya nusu ampea na ampea 3. Kwenye mikroampea, beta hiyo haipo. Kwa kihisio dhaifu, unganisha mwenyewe BC547 mbili. Bei ni ndogo kuliko TIP120, na hakuna rezista iliyojificha.

Basi rezista hizo za nini, kama zinaharibu kazi?

Kwa sababu jozi isiyo nazo ina tabia mbaya mbili. Ya kwanza ni uvujaji. Transista yoyote ya silikoni huvujisha mkondo kidogo kutoka kolekta hata ikiwa imezimwa, na uvujaji huo huongezeka joto linapopanda. Katika transista moja ndogo huuoni. Katika jozi, uvujaji wa ya kwanza unaingia beisi ya ya pili na kuzidishwa mara 200. Tabia ya pili ni uzito wa kuzima: ukikata mkondo, chaji iliyobaki kwenye beisi ya transista ya pili haina njia ya kutokea, kwa hiyo inachelewa kufunga. Kwa rilei kuchelewa huko si kitu. Kwa mota inayowashwa na kuzimwa mara elfu nyingi kwa sekunde, ni joto tupu.

Kwenye kengele yetu kuna njia ya kupata faida bila hasara. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya beisi na emita ya transista ya pili peke yake. Inakula mikroampea 65, lakini mikroampea hizo zinatolewa na transista ya kwanza, si na maji. Maji yanachangia theluthi moja tu ya mikroampea. Uvujaji unapata njia ya kwenda ardhini, na mlango wa mbele unabaki mwepesi.

Kisha weka rezista nyingine kutoka beisi ya kwanza hadi ardhini. Hii ndiyo inayoamua kengele iamini nini. Ukiweka omu milioni moja, kengele italia hata nyaya zikiunganishwa na utando wa umande wa omu milioni 4. Mafundi wengi hukutana na hili: maji yameshuka, rilei bado imevuta, kumbe kifuniko cha plastiki kilichoshika nyaya kimelowa. Shusha rezista hiyo hadi kilo-omu 100, na jozi itapuuza chochote kinachozidi kilo-omu 800 hivi, huku ikiendelea kuyatambua maji yenyewe bila shida. Kama waya wa kwenda tangini ni mrefu na unapita kando ya nyaya za umeme wa nyumba, weka pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya beisi hiyo na ardhi, la sivyo rilei itatetemeka kwa mvumo wa hezi 50.

Rezista ya kinga niliyoitaja mwanzo ni kilo-omu 10, inakaa kwa mfululizo kati ya nyaya za tangi na beisi. Siku nyaya zikigusana, itauzuia mkondo usizidi miliampea 1. Bila hiyo, volti 12 zinaingia beisi moja kwa moja na transista zote mbili zinaondoka pamoja. Koili nayo ifungwe dayodi ya 1N4007 kinyume, mstari wake ukielekea upande wa chanya, kwa sababu koili ikikatwa ghafla hurusha volti nyingi zinazotoboa kolekta.

Na hili la usalama lisemwe waziwazi: nyaya zinazoingia kwenye maji zilishwe na betri au adapta nzuri yenye transfoma inayotenganisha umeme wa nyumba. Zile saketi za bei rahisi zinazoshusha volti 230 kwa kapasita bila transfoma zisikaribie tangi. Upande wa rilei unaogusa pampu aufunge fundi umeme mwenye leseni.

Mbona kolekta haishuki hadi sifuri?

Transista moja iliyofunguka kabisa, au kama wasemavyo mafundi, iliyojaa, inabaki na volti 0.1 hadi 0.2 kati ya kolekta na emita. Jozi ya Darlington inakwama kwenye 0.8 au 0.9. Ukiongeza mkondo wa beisi mara kumi, haishuki.

Sababu iko kwenye ule waya unaounganisha kolekta mbili. Fuata njia ya mkondo wa transista ya kwanza: unatoka kwenye koili, unaingia kolekta yake, unatoka kwenye emita na kuingia beisi ya transista ya pili. Beisi hiyo haiwezi kuwa chini ya volti 0.7 kutoka ardhini, la sivyo transista ya pili inazimika. Na kolekta ya kwanza lazima iwe juu ya emita yake angalau kwa 0.1 au 0.2. Jumlisha: 0.7 na 0.15, unapata kama 0.85. Kolekta ya pili imefungwa kwenye waya huo huo, kwa hiyo nayo inabaki hapo hapo. Ikijaribu kushuka zaidi, inainyima transista ya kwanza volti, ya kwanza inapunguza mkondo wa beisi ya ya pili, na ya pili inapanda tena. Ni sawa na mtu aliyekaa kwenye tawi analolikata: kila akikata, ananyanyua msumeno kabla halijaanguka. Transista ya pili haijai kamwe.

Mikondo ikiwa mikubwa, kiwango hicho kinapanda. TIP120 kwenye ampea 3 inaruhusiwa na mtengenezaji kufikia volti 2. Ampea 3 mara volti 2 ni wati 6, na ganda lake likiwa halina bati la kupozea hupanda joto kwa digrii 60 hivi kwa kila wati. Bila bati la alumini, itaungua kabla hujamaliza kufunga skrubu.

Volti 0.9 ni kitu gani kwenye volti 12?

Kwenye volti 12, si kitu. Koili inapata 11.1, inahitaji 9, biashara imeisha. Tatizo linakuja pale mtu anapoibadilisha kengele itumie umeme wa chaja ya simu na rilei ya volti 5.

Rilei hiyo ina koili ya omu 70 na inakula miliampea 71. Inaahidi kuvuta kwenye volti 3.75. Toa 0.9 kwenye 5, koili inapata 4.1. Mezani inafanya kazi vizuri, mwenye nayo anafurahi, anaipandisha darini. Huko chini ya bati mchana, hewa inaweza kufika digrii 45. Ile ahadi ya 3.75 ilitolewa kwenye joto la digrii ishirini na kitu. Shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo kwa digrii 20 za ziada koili inahitaji asilimia 8 zaidi: volti 4.05. Na waya mwembamba wa kutoka kwenye chaja umepoteza volti 0.2 njiani. Sasa koili ina 3.9 na inataka 4.05. Usiku rilei inavuta, mchana inagoma, na watu wanaanza kulaumu maji, chaja, hata fundi. Ukitumia betri kavu tatu za volti 1.5 badala ya chaja, haitavuta hata usiku: 4.5 ukitoa 0.9 ni 3.6.

Dawa yake ni rahisi na ni ya zamani. Kata ule waya unaounganisha kolekta mbili. Kolekta ya pili ibaki kwenye koili peke yake, na kolekta ya kwanza ipewe rezista yake ya omu 680 kutoka kwenye volti 5. Sasa mkondo wa beisi ya pili hautegemei tena volti iliyoko kwenye koili. Transista ya kwanza inapitisha kama miliampea 6, kiasi cha kutosha kuijaza transista ya pili, na kolekta yake inashuka hadi 0.2 au 0.3. Koili inapata volti 4.7, na bado maji yanaombwa mkondo mdogo ule ule. Kwa ukali wa jina, hiyo si jozi ya Darlington tena. Gharama ni rezista moja na miliampea 6 za ziada rilei inapovuta.

Kuna wanaopendekeza jozi mchanganyiko, ya NPN na PNP, inayoitwa Sziklai. Ina uzuri wake, maana mlangoni inahitaji volti 0.65 tu badala ya 1.3, lakini upande wa kutokea nayo inakwama karibu na 0.8, kwa sababu ile ile. Kwa hiyo haitatui tatizo hili. Kwa mizigo mikubwa, mosfeti ya kuwashwa kwa volti 5, kama IRLZ44N, inaacha chini ya sehemu tano za mia za volti moja kwenye ampea 1, na ndiyo maana TIP120 inazidi kuondoka kwenye saketi mpya za mota. Kwa rilei moja kwenye tangi, BC547 mbili bado hazijapitwa.

Nitajuaje kama jozi yangu ni nzima?

Ipime ikiwa kazini, kwa mita ya volti, waya mweusi kwenye emita ya pili. Nyaya za tangi zikiwa majini, beisi ya kwanza isome kama 1.3 na kolekta kama 0.8 au 0.9. Kolekta ikisoma volti 3 au 4, mkondo wa beisi hautoshi: maji ni safi mno, nyaya zimeota kutu, au rezista ya kwenda ardhini ni ndogo mno. Waya ulioungwa upande wa chanya ndio huliwa na kutu, kwa sababu ya mkondo kwenda upande mmoja siku zote; tumia chuma cha pua, na usishangae ukilazimika kuusugua. Kolekta ikisoma 12 huku beisi ikiwa na 1.3, tazama kwanza kama miguu imegeuzwa, maana BC547 na BD139 hazipangi miguu sawa. Beisi ikipanda hadi volti 2 na kuendelea, kiungo kimoja kimekatika ndani. Na ile saketi ya kolekta zilizounganishwa ikisoma 0.1 kwenye kolekta, usifurahi: jozi nzima haiwezi kushuka hivyo, kwa hiyo transista ya pili imeungua na kushikana, na rilei itabaki imevuta hata ukitoa nyaya kwenye maji.

Kwa TIP120 iliyochomolewa, kuna jambo linalowafanya watu watupe nzima wakidhani ni mbovu. Ukipima omu kati ya beisi na emita kwa mita ya dijiti, itasoma kama kilo-omu 8 ukielekeza nyaya hivi, na kama kilo-omu 8 ukizigeuza. Transista ya kawaida ikisoma hivyo, inavuja. Hii inasoma hivyo ikiwa mpya dukani, kwa sababu ya zile rezista zake mbili. Kati ya emita na kolekta pia utakuta dayodi inayosoma upande mmoja, nayo ilitoka nayo kiwandani.